Salio lipo, kikomo kimejaa: ada iliyogoma kwenye aplikesheni ya benki

Swali: Mtaalamu, ada ya mwanangu ni 900,000 na kwenye akaunti nilikuwa na 1,400,000. Jana Ijumaa saa 3 asubuhi nilimtumia mtu 250,000, ikapita. Saa 5 nikajaribu kulipa ada yote kwenye akaunti ya shule kwa aplikesheni ya benki, ikagoma: "Muamala haujafanikiwa, jaribu tena baadaye." Nikaigawa: 450,000 ya kwanza ikapita, ya pili ikagoma. Nikaona kikomo changu cha siku ni 1,000,000, nikakipandisha hadi 2,000,000, bado ikagoma. Nikakesha hadi baada ya saa 6 usiku, nikajaribu, bado ikagoma. Leo Jumamosi, na shule inataka risiti Jumatatu asubuhi. Kosa liko wapi?

Jibu: Mzazi mwenzangu, kabla ya kubonyeza "Tuma" mara nyingine, fungua taarifa ya akaunti na usome salio. Baada ya miamala miwili iliyopita, salio linapaswa kuwa 700,000 kasoro makato. Ukiliona hapo, basi majaribio yote yaliyogoma yaligomea mlangoni na hakuna fedha iliyopotea njiani. Ukikuta limeshuka hadi 250,000 hivi, maana yake mojawapo ya zile zilizoandikiwa "haujafanikiwa" imetoka kwako na bado haijafika, na hiyo ni habari nyingine kabisa, nitaifikia chini. Nakuomba uanze hapo kwa sababu nimeshuhudia mzazi akilipa ada mara mbili ndani ya dakika kumi, akiamini maneno ya kwenye skrini kuliko taarifa yake ya akaunti.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kikomo cha siku hakipimi muamala mmoja. Kinapima jumla ya kila ulichotoa siku hiyo kwa njia ile, hata kama ulimtumia mtu asiyehusiana na shule. Saa 3 ulishatumia 250,000, kwa hiyo kwenye kikomo cha 1,000,000 zilibaki 750,000. Ulipoleta 900,000, mfumo ulijumlisha ukapata 1,150,000, ukakataa. Ulipoleta 450,000 jumla ikawa 700,000, ikapita. Ya pili ikarudisha jumla kwenye 1,150,000 ileile, ikakataliwa kwa sababu ileile. Wakati huo ungetuma 300,000 ingepita, na mzigo wa kukesha ungekuwa 150,000 tu. Kugawa malipo siku hiyohiyo kunasaidia pale unapogongana na kikomo cha muamala mmoja. Kikomo cha siku hakidanganyiki hivyo, kwa sababu vipande vinajumlishwa tena upande wa pili.

Kilichokupotosha ni ule ujumbe. Ndani ya mfumo wa benki sababu inajulikana barabara. Katika lugha ya namba ambayo mitambo ya benki na kadi huongea, kukosa salio ni `51`, kuzidi kikomo cha kiasi ni `61`, kuzidi idadi ya miamala inayoruhusiwa ni `65`, na mtambo wa upande wa pili kutopatikana ni `91`. Hayo ni mambo manne yenye tiba nne tofauti, lakini waliotengeneza aplikesheni mara nyingi huyamwaga yote kwenye kapu moja liitwalo "jaribu tena baadaye". Ushauri huo unafaa kwa `91` peke yake. Kwa `61` kujaribu tena baada ya dakika tano ni kugonga ukuta uleule. Baadhi ya aplikesheni huonyesha namba hiyo kwa maandishi madogo chini ya ujumbe, au kwenye orodha ya miamala iliyoshindikana ukiugusa muamala wenyewe. Kachungulie. Ukiiona, mpe mhudumu wa simu namba hiyo kwanza, utakuwa umeokoa nusu ya mazungumzo.

Mpaka hapo kikomo cha siku kinaeleza kila kitu kilichotokea kabla ya mchana. Kigumu ni kilichofuata: ulikipandisha, ikagoma, siku ikageuka, ikagoma. Kikomo unachokiona kwenye mipangilio si cha pekee. Kila muamala hupita kwenye milango kadhaa, na kila mlango una kipimo chake: kiwango cha juu cha muamala mmoja, jumla ya siku kwa aplikesheni, idadi ya miamala kwa siku, kiwango cha aina ya malipo (ndani ya benki yako, kwenda benki nyingine, kwenda pochi ya simu, au kulipia ankara), kiwango cha mpokeaji mpya, na kiwango cha mtandao unaounganisha benki na benki. Ukienda upande wa mpokeaji, pochi ya simu nayo ina ukomo wa salio inayoruhusiwa kushika. Anayeamua ni mlango mwembamba kuliko yote. Wewe umepanua mmoja, ule uliouona.

Hukuniambia kama ulishawahi kuilipa akaunti hiyo ya shule kabla ya jana, na kwangu hilo ndilo swali zito kuliko yote. Kama uliiingiza kwenye orodha ya wapokeaji saa 5 hiyohiyo kisha ukaanza kutuma, basi ninaemshuku kwanza ni kikomo cha mpokeaji mpya. Benki nyingi hukibana kiasi kinachoweza kwenda kwa mtu uliyemwongeza sasa hivi, kwa saa kadhaa au siku nzima, kwa sababu hivyo ndivyo mwizi anavyofanya: akishaingia kwenye simu yako, anajiongeza kama mpokeaji na kukomba akaunti ndani ya robo saa. Tuseme benki yako inaruhusu 500,000 kwa mpokeaji mpya katika saa 24 za kwanza. 900,000 imegoma, sawa. 450,000 imepita, sawa. 450,000 ya pili ingefanya 900,000 kwa mpokeaji huyo, imegoma. Kupandisha kikomo cha siku hakukigusi kabisa kikomo hiki, na saa 6 usiku saa 24 zilikuwa hazijatimia. Sababu moja inaeleza majaribio yote matano. Ndiyo maana naipa uzito.

Kama shule hiyo umeilipa muhula uliopita kutoka aplikesheni hiyohiyo, basi mpokeaji si mpya na tunabaki na mambo mawili yaliyokutana. La kwanza ni kwamba kupandisha kikomo hakuanzi kufanya kazi hapohapo kila mahali. Kushusha ni papo kwa papo, kwa sababu kushusha hakumdhuru mtu. Kupandisha huwekewa muda wa kupoa, mara nyingi saa 12 au 24, ili kama si wewe uliyebonyeza, upate nafasi ya kuona ujumbe na kupiga simu. Matatizo huanzia kwenye skrini: zipo aplikesheni zinazoandika 2,000,000 mara tu unapomaliza, huku ile 1,000,000 ikiendelea kutawala nyuma ya pazia. Rudi kwenye ukurasa wa vikomo, tafuta maneno kama "inasubiri" au "itaanza kutumika" pamoja na saa. Usipoyaona hapo, yatafute kwenye ujumbe mfupi au barua pepe uliyotumiwa ulipobadilisha. Kama hukupata ujumbe wowote, inawezekana hatua ya mwisho ya uthibitisho haikukamilika na ombi lako halikuingia kabisa.

La pili ni maana ya "siku". Wewe ulihesabu siku ya kalenda, na benki nyingi huhesabu hivyo. Nyingine huhesabu saa 24 zinazotembea: muamala wa saa 3 Ijumaa unaendelea kukubana hadi saa 3 Jumamosi, na usiku wa manane hauna maana yoyote. Kwa hesabu hiyo, saa 6 na dakika chache usiku bado ulikuwa na 700,000 mgongoni. Na hata pale siku inapohesabiwa kwa kalenda, tarehe ya mfumo wa benki haigeuki lazima saa 6 kamili. Usiku ndipo mfumo mkuu hufunga hesabu za siku, na wakati wa ufungaji huo vihesabio vya vikomo vinaweza kuwa havijarudishwa sifuri, au malipo ya kwenda nje yanakataliwa kwa muda. Nilipokuwa dawati la huduma za kidijitali, simu za kati ya saa 6 na saa 7 usiku zilikuwa karibu zote za watu waliosubiri siku igeuke. Tuliwaambia walale, wajaribu baada ya saa 12 asubuhi. Wengi waliporudi asubuhi ilipita bila sisi kugusa kitu.

Kwa hiyo saa yenyewe itakuambia ni kipi kati ya hivi. Ikiwa ni saa 24 zinazotembea, ile 250,000 ya jana ilikuachia leo saa 3 asubuhi, na 450,000 ya shule inakuachia saa 5 na robo. Kuanzia saa 3 umebaki na 450,000 tu mgongoni, hivyo 450,000 nyingine inaingia vizuri hata kwa kikomo cha zamani cha 1,000,000. Ikiwa ni mpokeaji mpya, mlango utafunguka baada ya saa 5, yaani saa 24 tangu ulipoiingiza akaunti ya shule. Basi subiri saa 5 na nusu ipite, kisha jaribu 450,000 mara moja. Nasema mara moja kwa makusudi. Majaribio mengi ya haraka yanayogoma ni dalili ambayo mifumo ya ulinzi huitafuta, na ukizidisha unaweza kujikuta umefungiwa huduma nzima Jumamosi mchana.

Ikigoma tena muda huo, kikomo cha siku kimeshajitoa kwenye kesi, kwa sababu hakuna namna ya kuhesabu ambayo bado ingekubana. Hapo tuma 20,000 kwenda shuleni. Si hasara, ni sehemu ya ada. Ikipita, basi njia iko wazi na kinachokataliwa ni kiasi: kuna mlango mwembamba usioonekana, pengine muda wa mpokeaji mpya ni mrefu kuliko saa 24, au ulibadilisha simu au laini siku za karibuni na benki imekubana kwa sababu ya kifaa kipya. Hilo la kifaa watu hulisahau. Ukihamisha aplikesheni kwenye simu nyingine au ukirudisha laini iliyopotea, zipo benki zinazokurudisha kwenye kiwango cha chini kwa siku kadhaa. Ikiwa hata 20,000 inagoma, kiasi hakina kosa. Tatizo ni njia yenyewe au akaunti, na hakuna kikomo utakachopandisha kitakachosaidia. Piga simu.

Nina kidokezo kingine kuhusu zile 450,000 mbili. Kiasi kilekile, kwa mpokeaji yuleyule, ndani ya dakika chache, ni sura ya mtu aliyebonyeza mara mbili kwa bahati mbaya, na mifumo mingi huuzuia muamala wa pili ikidhani ni marudio. Kwako hesabu ya kikomo inatosha kuueleza mgomo ule, lakini ungeweza kugoma hata kama nafasi ingekuwepo. Ukigawa ada, gawa kwa vipande visivyolingana, kama 520,000 na 380,000.

Ukipiga simu, usiulize "kwa nini malipo yangu yamegoma". Utaambiwa ujaribu tena. Mtajie tarehe, saa na kiasi cha jaribio moja, kisha uliza: sababu ya kukataliwa iliyoandikwa kwenye mfumo ni ipi, kikomo kinachofanya kazi sasa hivi kwangu ni kiasi gani na nimebakiza kiasi gani, na mpokeaji huyu ana kizuizi chochote, kinaisha saa ngapi. Kwa kawaida mhudumu huviona kwenye skrini yake. Swali la "nimebakiza kiasi gani" ndilo linalomfanya afungue ukurasa sahihi badala ya kukusomea maelezo ya jumla.

Kuhusu kupandisha kikomo chenyewe. Ndani ya aplikesheni unaweza kukisogeza hadi dari ambalo benki imeliweka kwa aina yako ya akaunti. Kwa kawaida unaingia kwenye mipangilio, unafungua sehemu ya vikomo vya miamala, unachagua aina ya malipo, unaandika kiasi kipya, kisha unathibitisha kwa namba ya siri na ile namba ya mara moja inayokuja kwa ujumbe. Watu wengi hukosea pale pa kuchagua aina ya malipo. Unapandisha "kutuma ndani ya benki" wakati akaunti ya shule iko benki nyingine, au unapandisha jumla ya siku na kukiacha kikomo cha muamala mmoja kilipokuwa. Kwa ada ya 900,000 unahitaji vyote viwili viruhusu: muamala mmoja usiopungua 900,000, na siku inayobeba 900,000 pamoja na matumizi yako mengine. Kama aplikesheni inatoa chaguo la kupandisha kwa muda, tuseme siku moja au tatu, lichague hilo. Makato kwa kawaida hayahesabiwi kwenye kikomo, lakini yanahitaji salio, kwa hiyo usiache akaunti ikiwa na kiasi cha ada kamili bila nyongeza.

Dari hilo likiwa chini ya ada yako, aplikesheni haitakuruhusu kuandika kiasi unachotaka, na hapo ni tawini. Utajaza fomu, utatoa kitambulisho, utasaini kama ulivyosaini ulipofungua akaunti. Pengine wataomba taarifa mpya za kazi, anwani au kipato, na hapo wengi hukasirika wakidhani wanachunguzwa. Sababu ni ya kawaida: akaunti iliyofunguliwa kwa taarifa chache hupewa viwango vya chini, na haiwezi kupanda daraja mpaka taarifa zikamilike. Akaunti ya pamoja inayohitaji saini mbili itahitaji wote wawili. Ukienda peke yako utarudi nyumbani mikono mitupu. Na ikiwa kinachokubana ni kiwango cha mtandao wa malipo ya papo hapo kati ya benki na benki, hata meneja wa tawi hawezi kukipandisha. Hapo benki itakuelekeza kwenye njia ya malipo makubwa, ambayo fomu nyingi huiandika `RTGS`. Njia hiyo mahali pengi hufanya kazi siku na saa za kazi tu. Kwa tarehe yako ya Jumatatu asubuhi, si ya kutegemea leo.

Leo una njia nyepesi kuliko hizo. Angalia kama aplikesheni ina menyu ya kulipia ankara au ada, na kama shule yako imo. Malipo ya ankara mara nyingi hupimwa kwa kikomo chake, tofauti na cha kutuma fedha, na shule iliyosajiliwa humo haichukuliwi kama mpokeaji mpya. Ukiweza kupita hapo, unaweza kumaliza sasa hivi bila kupandisha chochote. Njia nyingine ni kaunta, kama tawi linafunguliwa Jumamosi. Vikomo vya aplikesheni havikuhusu dirishani, na ukitoka una hati ya malipo yenye muhuri.

Ukilipa kwa vipande, shika jambo moja kwa nguvu: kila kipande kiandikiwe namba ileile ya mwanafunzi kwenye sehemu ya maelezo, kama ilivyo kwenye barua ya ada, bila kufupisha. Mhasibu wa shule haoni jina la mtoto, anaona mstari kwenye taarifa ya benki wenye jina lako na maneno uliyoandika. Kipande kilichoandikwa "ada" peke yake hukaa kwenye rundo la fedha zisizo na mwenyewe mpaka uje kudai. Hakiki hili na kwa ile 450,000 iliyokwisha kwenda. Na kama shule inatumia namba ya ankara iliyotolewa kwa kiasi kamili, uliza kwanza kama inapokea malipo ya sehemu. Mifumo mingine hukataa kila kiasi kisicholingana, na huo mgomo nao utakuja na ujumbe uleule wa "haujafanikiwa".

Sasa lile nililoahidi. Ikiwa salio limepungua kuliko inavyopaswa, usitume tena kiasi hicho hata kama shule inasema haijaona. Chukua namba ya kumbukumbu ya muamala huo kutoka kwenye taarifa ya akaunti, iandike mahali, na ufungue lalamiko benki ukiwapa namba hiyo. Mara nyingi fedha huwa imekwama kati ya benki mbili. Ama itafika, ama itarudi, lakini haitafanya yote mawili. Muamala wa namna hiyo unaweza kuendelea kula kikomo chako mpaka urudishwe rasmi, na ndiyo maana wapo watu wanaogomewa na kiasi kidogo wakati kwenye orodha yao hakuna kilichofanikiwa. Mpelekee mhasibu nakala ya mstari huo wa taarifa mapema. Hawezi kuuhesabu kama malipo, lakini anaweza kuandika kwamba yako njiani.

Kuna la kuangalia leo hasa, kwa sababu umetoka kubadilisha kikomo. Akikupigia mtu akisema anatoka benki na anataka kukusaidia kukamilisha ombi lako, kata simu uipigie mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi yako. Kupandisha kikomo kwa halali hakuna hatua hata moja ambapo mtu mwingine anahitaji kusomewa ile namba ya mara moja. Kwa mwizi, akaunti yenye kikomo kilichopanda ni mali kuliko yenye salio kubwa na kikomo kidogo, maana kikomo ndicho kiasi anachoweza kuondoka nacho kabla hujaamka.

Kwa sababu hiyo, ada ikishafika kishushe. Kwako wewe 1,000,000 pengine ni kubwa mno kwa siku za kawaida. Angalia miezi mitatu iliyopita, tafuta siku uliyotuma nyingi kuliko zote ukiacha ada, na uweke juu yake kidogo. Muhula ujao, iongeze au uihakiki akaunti ya shule wiki moja kabla na uitumie kiasi kidogo ili muda wa mpokeaji mpya uishe mapema. Omba kupandishiwa kikomo siku mbili kabla ya siku ya kulipa. Na siku yenyewe ada iwe ya kwanza kutoka, yule mtu wa saa 3 asubuhi atasubiri.